Majina matano ya duka la khanga: lipi mteja ataliandika, atalikumbuka na atalipata akitafuta?

Tuchukue duka moja la khanga na vitenge Kariakoo. Mwenye duka tumwite Rehema. Asubuhi anauza doti kwa wanaofika mlangoni, mchana anamkabidhi bodaboda mizigo ya wateja wa Mbagala na Tegeta waliomwona Instagram au TikTok. Anatafuta jina moja litakalokaa kwenye kibao, kwenye mfuko na kwenye simu, na ameshaandika majina matano kwenye daftari. Yote ni ya mfano, lakini kila moja linawakilisha aina ya jina utakayoikuta mitaani kila siku.

| Jina la kibao | Jina la akaunti | Urefu | Nguvu yake | Udhaifu wake |
|---|---|---|---|---|
| Klassy Kloset | @klassy_kloset_tz | 16 | Linavutia likiandikwa | Kulisikia na kuliandika ni vitu viwili |
| Duka la Khanga Kariakoo | @dukalakhangakariakoo | 20 | Linasema bidhaa na mahali | Ni jina la kila jirani |
| Rehema Khanga | @rehemakhanga | 12 | Wateja wa zamani wanamjua | Tahajia inayumba mara tatu |
| Ng'ara | @ngara | 5 | Fupi, tamu kutamka | Linapoteza alama na maana |
| Pindo la Pwani | @pindolapwani | 12 | Rahisi kuandika, si la kawaida | Halisemi unauza nini |

Kabla ya kuyachambua, kuna jambo moja ambalo wenye maduka wengi hulichanganya, nalo ndilo linaloamua kila kitu. Wanaokutafuta wako wa aina mbili. Wa kwanza hajawahi kukusikia: anaandika "khanga kariakoo" na kuangalia nani anatokea. Wa pili ameshakusikia, ameona mfuko wako kwa shoga yake au amenunua kwako mwezi uliopita, na sasa anataka kukurudia wewe na si mwingine. Wa kwanza anatafuta bidhaa, wa pili anatafuta jina. Ukilibebesha jina moja la akaunti kazi zote mbili, kwa kawaida linaishia kufanya zote vibaya.

Kutoka sikioni hadi kwenye vidole

Klassy Kloset ndilo tuanze kuliondoa, na sababu inahesabika. Mteja akilisikia kwa mdomo, lazima aamue mambo manne: mwanzoni ni C au K? Katikati ni s moja au mbili? Mwisho ni y au i? Neno la pili nalo ni C au K? Mambo manne yenye njia mbili kila moja yanazaa tahajia 16, na moja tu ndiyo yako. Bado hatujagusa ile mistari ya chini miwili na "tz" mwishoni. Tahajia ya Kiingereza iliyopindwa makusudi inamfaa anayeliona jina, siyo anayelisikia, na biashara ya khanga husambaa kwa kusikia: harusini, kwenye kikoba, kwenye daladala.

Neno la Kiswahili lina faida kubwa hapa, kwa kuwa linaandikwa linavyotamkwa. Lakini si kila neno la Kiswahili ni salama. Ziko sauti ambazo wasemaji hawazitamki kwa namna moja, na kila mtu ataandika anavyotamka yeye. R na l ndizo za kwanza. Kisha kuna dh na z, th na s, gh na g, kh na h au k, na ile h ambayo wengine huidondosha na wengine huiongeza. Ukiita duka lako Thamani, wapo watakaoandika "samani", na huko watakutana na makochi na makabati. Kosa la namna hiyo halimwambii mteja kwamba amekosea. Anaona matokeo mengi, haoni khanga, anahitimisha kwamba hauko mtandaoni.

Sasa lipime jina la Rehema Khanga kwa kipimo hicho. R inaweza kuwa l. H ya katikati inaweza kuanguka. Na "khanga" yenyewe ina tahajia mbili zinazoishi pamoja: wengi wa Pwani na Visiwani huandika khanga, vitabu vingi na wasomaji wengi wa bara huandika kanga. Hakuna aliyekosea kati yao. Lakini mwenye akaunti ya @rehemakhanga atawapoteza wote wanaoandika k bila h. Akibadili kuwa @rehemakanga atawapoteza wale wengine, na juu ya hapo kanga ni ndege pia, kwa hiyo matokeo ya utafutaji yatachanganyika na mabawa yenye madoadoa. Neno lenye tahajia mbili zilizokubalika lisiingie kwenye jina la akaunti. Mahali pake ni kwenye maelezo, ambako unaweza kuziandika zote mbili.

Ng'ara ni jina zuri mno, ndiyo maana linahadaa. Kibao kinaweza kuubeba ule mkato wa juu, jina la akaunti haliwezi: Instagram, TikTok, Facebook na X zote hazipokei alama hiyo. Linabaki "ngara". Na Ngara ni wilaya ya Mkoa wa Kagera, tena ni eneo la Nairobi linalojulikana kwa biashara. Mteja akiliandika Google ataletewa ramani, habari za halmashauri na picha za mitaa. Neno lolote lenye ng' lina shida hii, na neno lolote la herufi tano lenye maana nzuri karibu hakika limeshachukuliwa zamani.

Kuna kasoro moja zaidi ambayo haionekani mpaka maneno yaunganishwe. Andika "Duka la Nguo" bila nafasi: dukalanguo. Jicho linasoma "duka langu" kwanza, kisha linakwama kwenye o. Vivyo hivyo irabu mbili zinapogusana: "Pindo la Asha" inakuwa pindolaasha, na wapo wateja watakaoandika a moja. Kwa hiyo kila jina unalolifikiria liandike kwa herufi ndogo bila nafasi, mpe mtu asiyelijua alisome kwa sauti. Akisita au akilikata pasipo mahali pake, hapo pana tatizo. Majina yenye tarakimu nayo yana mtego wake. "Doti Moja" lingefaa sana duka la khanga, lakini mteja hajui kama aandike dotimoja au doti1, na mwingine akiambiwa "doti moja" ataweka nukta na namba.

Mipaka ya kila mtandao

Kila mtandao una sheria zake za jina la akaunti, na ukiziweka pamoja zinakupa kipimo kimoja kifupi. Instagram inaruhusu hadi alama 30, TikTok 24, X 15 tu. Ukurasa wa Facebook unataka angalau 5, na haupokei mstari wa chini. Nukta unazipokea, lakini hauzihesabu: pindo.pwani na pindopwani, ufupisho wa Pindo la Pwani tutakaoueleza mbele, kwake ni jina lilelile. Kwenye anwani ya tovuti, iwe ya .co.tz au .co.ke, mstari wa chini haukubaliki, na nukta katikati ya jina huligawa kuwa kitu kingine. Jina litakalopita kote bila kubadilishwa hata herufi moja basi ni hili: herufi tupu, kuanzia 5 hadi 15, bila nukta, bila mstari, bila tarakimu.

@klassy_kloset_tz linakwama X kwa alama moja na Facebook kwa ile mistari. @dukalakhangakariakoo linapita Instagram na TikTok, lakini X linazidi kwa tano. Hata kama huna mpango wa kuuza kupitia X leo, kuwa na jina tofauti kwenye kila mtandao kunamfanya mteja ajiulize ipi ni akaunti yako ya kweli, na matapeli hujificha hasa kwenye shaka hiyo. Herufi kubwa na ndogo hazibadilishi kitu unapoandika kutafuta, kwa hiyo kwenye mfuko unaweza kuchapa PindoPwani ili maneno yaonekane, na mteja akiandika yote kwa herufi ndogo atafika palepale.

Anayetafuta bidhaa ahudumiwe wapi?

Hapa ndipo Duka la Khanga Kariakoo linapoonekana kushinda. Mteja mgeni anaandika karibu maneno hayohayo, na jina lako ni hayohayo. Lakini mtazame mteja huyohuyo wiki mbili baadaye. Anakumbuka ni duka la khanga la Kariakoo, na hilo ni maelezo ya maduka yote ya mtaa ule. Akitafuta tena anaweza kununua kwa jirani akidhani ni kwako. Jina la aina hii pia ni gumu kulilinda kama alama ya biashara, kwa sababu maneno yanayotaja bidhaa na mahali yanabaki huru kwa kila muuzaji.

Kilicho muhimu ni kwamba utafutaji wa Instagram hausomi jina la akaunti peke yake. Kwenye ukurasa wa kuhariri wasifu kuna sehemu mbili tofauti: Username, ndiyo lile jina la akaunti, na Name, ndilo linaloonekana kwa herufi nzito juu ya maelezo. Zote mbili huangaliwa mtu anapotafuta, pamoja na maelezo ya wasifu na maneno unayoandika chini ya picha. Kwa hiyo neno la bidhaa lina mahali pake bila kuingia kwenye jina la akaunti. Duka la mfano wetu lingejaza hivi:

```
Username: pindopwani
Name:     Pindo Pwani Khanga na Vitenge
Bio:      Kanga na khanga kwa doti, vitenge.
          Kariakoo, Dar es Salaam.
```

Ona kwamba tahajia ya khanga iko kwenye Name na ya kanga iko kwenye Bio, na Bio ina nafasi ya alama 150, inatosha. Faida nyingine ya kugawa kazi namna hii ni kwamba Name inabadilika kwa urahisi. Instagram inaruhusu kuibadili mara mbili ndani ya siku 14. Ukianza kuuza madera mwakani, unaongeza neno, na mfuko uliochapa jana bado ni sahihi. Aliyejifunga na @dukalakhanga hana njia hiyo.

Kwenye ramani za Google sheria ni tofauti, na wengi huumia hapo. Jina la biashara linatakiwa liwe lile linaloonekana kwenye kibao. Ukiandika "Pindo Pwani khanga bei nafuu Kariakoo jumla na rejareja" unahatarisha wasifu kusimamishwa, na kuurudisha ni kazi. Bidhaa zitaje kwenye aina ya biashara na kwenye maelezo, jina liache lilivyo.

Waliobaki wawili

Majina mawili yanastahili kupimwa kwa watu: Rehema Khanga na Pindo la Pwani. La kwanza lina mzizi ambao halihitaji kuuotesha, kwa sababu watu wanamjua Rehema. Ukitaka kujua mzizi huo una kina gani, waombe wateja wako kumi wa kudumu wakuonyeshe wamekuhifadhi vipi kwenye simu zao. Hicho ndicho kipimo cha ukweli kuliko maoni yoyote. Saba wakiwa wameandika "Rehema khanga" au "Rehema kanga", tayari una jina na kulibadili ni kutupa mali. Kila mtu akiwa na lake, "Mama khanga", "Dada vitenge Kkoo", "Rehe nguo", basi huna cha kupoteza.

Pindo la Pwani linatokana na khanga yenyewe: pindo ni ule mzunguko wa pembeni, mji ni katikati, na jina ni maandishi. Mnunuzi wa khanga analijua neno hilo. Halina r wala l ya kugombaniwa ndani ya neno kuu, halina h wala dh, na maneno mawili yanayoanza na p hukaa kichwani. Ila lina udhaifu ambao mwenye kusema Kiswahili sanifu hauoni kirahisi, nao ni lile "la". Wapo wengi, hasa Nairobi na kwingine bara, watakaosema "pindo ya pwani", na wataandika hivyohivyo. Viunganishi vya "la", "ya", "cha" na "wa" ndivyo vinavyotoka kwanza kichwani, kwa sababu mtu hukumbuka nomino na kuziunga kwa lugha yake mwenyewe.

Kulijaribu kunachukua siku mbili na bando dogo. Rekodi ujumbe wa sauti WhatsApp, kwa mwendo wa kawaida: "Kuna duka linaitwa Pindo la Pwani. Niandikie jina hilo kwa herufi ndogo, bila nafasi." Usilitaje mara mbili, usilitaje herufi kwa herufi. Watumie watu kumi ambao hawajawahi kulisikia, wa umri na mikoa tofauti, na wasiwe ndugu zako, kwa kuwa ndugu watakuuliza kabla ya kuandika. Wanane wakiliandika sawasawa, tahajia imepita. Kesho yake waulize kwa maandishi, "Lile duka la jana linaitwaje?" Sita wakilikumbuka bila kurudi kusikiliza, ni jina la kubaki. Jina la pili lipeleke kwa watu kumi wengine, usilichanganye na la kwanza.

Makosa yenyewe yana thamani kuliko alama. Yakitawanyika, kila mtu na lake, jina ni gumu, liache. Yakirudia mahali pamoja, rekebisha pale. Ukiona pindoyapwani mara tatu, kiondoe kiunganishi: Pindo Pwani, herufi kumi, linapita mitandao yote, na hakuna tena ngeli ya kukosea. Kwa duka hili, na kwa mteja asiyemjua Rehema bado, hilo ndilo tungelichagua.

Likiwa limeshachukuliwa

Litafute kwanza kwa Google bila kuingia kwenye akaunti yako, kwenye dirisha la siri la kivinjari, kisha, ukiwa umeingia, ndani ya Instagram, TikTok na Facebook. Tafuta pia tahajia mbili zilizokosewa zaidi kwenye jaribio lako. Usiangalie tu kama jina liko wazi. Angalia nani anatokea. Duka la nguo lenye jina linalokaribiana ni sababu ya kuacha hata kama akaunti yako inapatikana, maana kila mteja atakayekosea atakwenda kwake.

Likichukuliwa na akaunti tupu ya zamani isiyohusiana na biashara yako, unaweza kuongeza neno moja linalotamkika, na uliongeze kila mtandao kwa namna ileile. "dukapindopwani" ina herufi 14, inapita. "pindopwani_" haifai, kwa kuwa mstari wa mwisho hauonekani wala hausemeki, na ndiyo njia wanayotumia wanaoigiza maduka ya watu. "pindopwani255" na "pindopwani_official" nazo zinafanana na akaunti bandia kiasi kwamba mteja makini atasita. "tz" peke yake inavumilika ukiuza nchi nzima, lakini mteja huisahau, kwa hiyo jaribu kuimiliki na ile isiyo na "tz" ikija kuwa wazi.

Mpangilio wa kazi

Jina likishapita, tafuta kwenye mfumo wa BRELA kama kuna biashara yenye jina hilo au linalofanana nalo. Kwa Zanzibar ni BPRA, kwa Kenya ni Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Siku hiyohiyo fungua akaunti zote, hata zile usizozitumia, kisha sajili. Kusajili jina la biashara hakukupi akaunti ya Instagram, na kuwa na akaunti hakumzuii mwingine kusajili jina, kwa hiyo usiache wiki moja katikati. Alama ya biashara ni usajili mwingine kabisa, na unaombwa peke yake.

Kisha inakuja lipa namba, ile ya kupokelea malipo kwa simu. Mteja anapolipa, skrini yake inamwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Akiwa amenunua kwa Pindo Pwani, akaona jina asilolijua, wengi husitisha hapo na kupiga simu, au wanaacha kabisa. Omba lipa namba isomeke kwa jina la duka, na usiiweke kwenye tangazo mpaka ujitumie shilingi kidogo kutoka namba nyingine na kuliona jina kwa macho yako.

Mifuko na kibao ni vya mwisho. Instagram ukibadili jina la akaunti, la zamani linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, na viungo vilivyokuwa vinaelekea kwako havifiki tena. TikTok unaruhusiwa kubadili mara moja kila siku 30, na anwani ya wasifu hubadilika nalo. Kwa hiyo tumia akaunti kwa wiki nne hivi, sikiliza wateja wanavyolitamka jina kwenye simu, ndipo uagize mifuko, ukianza na mia badala ya elfu. Juu yake chapa mstari mmoja tu, "Instagram na TikTok: PindoPwani", kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyekaa kiti cha nyuma cha daladala huku mfuko ukiwa mapajani mwa mwenzake wa mbele.